Sentimita sitini za maji: jinsi merikebu za Waviking zilivyofika Paris

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba Waviking walivuka bahari chafu ya kaskazini, kisha kwa merikebu hizo hizo wakapanda mto hadi Paris, mji ulio mbali na pwani. Mimi nilidhani chombo cha bahari kuu ni lazima kizame sana ndipo kisipinduke, na chombo cha mto ni kingine kabisa. Waliwezaje? Na kwa nini wenye nchi hawakuwazuia njiani?

Jibu: Marahaba. Walikuwa na chombo kirefu, chembamba, na chepesi mno kwa ukubwa wake, ambacho kilielea katika maji yasiyofika kiunoni mwa mtu mzima. Hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali lako. Nusu ya pili, ile ya wenye nchi, huchukua maelezo marefu zaidi, kwa kuwa wenye nchi walijifunza kuwazuia, ila walijifunza polepole, na kilichowasaidia hatimaye hakikuwa merikebu wala jeshi kubwa bali daraja la mbao.

Tuanze na vipimo, kwa sababu bila vipimo maneno kama “chombo chepesi” hayana uzito. Mwaka 1962 wachunguzi wa mambo ya kale wa Denmark walizungushia ukuta wa muda sehemu ya ghuba nyembamba ya Roskilde, mahali paitwapo Skuldelev, wakayavuta maji nje kwa pampu na kufukua masalia ya vyombo vitano. Vyombo hivyo vilikuwa vimejazwa mawe na kuzamishwa kwa makusudi katika karne ya 11 ili kuuziba mkondo wa kuingilia mjini, jambo linaloonyesha kwamba watu wa kaskazini wenyewe walijua vizuri ni kitu gani kinachoweza kuisimamisha merikebu ya aina yao. Kimojawapo, ambacho wataalamu wanakiita Skuldelev 5, ni merikebu ndogo ya vita yenye urefu wa mita 17.3 na upana wa mita 2.5, makasia 26 na mabaharia wapatao 30. Kina chake cha kuzama, yaani umbali kutoka usawa wa maji hadi sehemu ya chini kabisa ya mkuku, ule mti mrefu ulio uti wa mgongo wa chombo, ni kama sentimita 60. Kingine, Skuldelev 2, kilijengwa Dublin mwaka 1042 kwa mwaloni wa Ireland, kina urefu unaokaribia mita 30 na makasia yapatayo 60, na hata hivyo kinazama kiasi cha mita moja tu. Merikebu ya Gokstad, iliyofukuliwa Norway mwaka 1880, ndiyo iliyo karibu zaidi na zama za mashambulizi ya Paris, maana ilijengwa kwa miti iliyokatwa karibu na mwaka 890. Urefu wake ni mita 23, upana mita 5, na inahitaji maji ya kina kisichozidi mita moja.

Sasa sababu. Chombo chochote kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake, kwa hiyo njia ya kukifanya kisizame sana ni mbili: kukipunguzia uzito, au kuutandaza uzito huo juu ya eneo kubwa zaidi la maji. Mafundi wa kaskazini walizifuata zote mbili. Ubao haukukatwa kwa msumeno. Gogo la mwaloni lilipasuliwa kwa kabari kutoka katikati kwenda nje, kama mtu anavyokata keki, hivi kwamba kila ubao ulifuata nyuzi za mti tangu mwanzo hadi mwisho. Msumeno hukata nyuzi hizo, na ubao uliokatwa nyuzi ni lazima uwe mnene ndipo uwe na nguvu. Ubao uliopasuliwa unaweza kuchongwa mwembamba na bado usivunjike. Katika merikebu ya Gokstad mbao nyingi zilizo chini ya usawa wa maji zina unene wa sentimita 2.6 tu, yaani pungufu ya upana wa vidole viwili vya mtu mzima ukivibana, na hizo ndizo zilizotenganisha mabaharia na Bahari ya Kaskazini.

Mbao hizo zilipandishwa moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki. Ukingo wa ubao wa juu uliufunika ukingo wa ubao wa chini, na baina yao pakatiwa manyoya ya mnyama yaliyochovywa lami, kisha pote pakapigwa ribiti za chuma zilizofungwa kwa ndani. Ganda lilijengwa kwanza na mataruma, yaani mbavu za ndani, yakafuata baadaye, na nguvu ya chombo ikawa katika ganda lenyewe. Hapakuwa na ngama ya kupakia shehena, wala vyumba, wala sitaha nzito. Palikuwa na mbao za kukanyagia na mawe machache ya farumi, yaani ya kukitia chombo uzito kisiyumbe, chini yake, basi.

Ili uone faida yake, chukua Skuldelev 5 na tufanye hesabu ya kukadiria. Kwa urefu na upana wake, na kwa kuwa omo, yaani mbele yake, na tezi, yaani nyuma yake, zimechongoka, eneo la maji linalofunikwa na chombo hiki ni kama mita 25 za mraba. Maana yake ni kwamba kila tani moja inayoongezwa humo inakizamisha kwa takriban sentimita 4. Watu thelathini wenye silaha zao, tuseme tani mbili na nusu, ni sentimita 10. Kwa hiyo chombo kilichokwama kwenye fungu la mchanga, kikikosa maji ya sentimita saba au nane, hakikuhitaji kusubiri mvua. Watu waliruka majini, chombo kikapanda, wakakisukuma kwa mabega mpaka upande wa pili wa fungu, kisha wakapanda tena wakiwa wamelowa hadi mapajani. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia tatizo lililowangoja wakati wa kurudi: tani mbili za nyara, pamoja na mateka, huondoa karibu faida yote hiyo, na mto uliopitika wakati wa kupanda unaweza kuwa haupitiki wakati wa kushuka, hasa kama kiangazi kimeingia na maji yamepungua. Kuhusu maji baridi ya mto, ambayo ni mepesi kuliko ya bahari, ni kweli chombo huzama zaidi kidogo ndani yake, lakini kwa chombo hiki tofauti haifiki sentimita moja.

Umesema chombo kisichozama sana hupinduka. Kupinduka hutegemea zaidi upana wa chombo na mahali ulipo uzito wake kuliko kina cha kuzama, na katika merikebu hizi karibu kila kitu kizito kilikuwa chini: mawe, silaha, vyakula, na watu walioketi. Upungufu wa kweli ulikuwa kwingine. Chombo kisichoshika maji sana huchukuliwa na upepo wa ubavuni, na ingawa mkuku ulisaidia kukizuia, nahodha aliyetaka kwenda dhidi ya upepo alipoteza masafa mengi. Kingo zilikuwa chini, kwa hiyo mawimbi yaliingia na kazi ya kufua maji haikuisha. Ndiyo sababu walisafiri zaidi majira ya joto, wakangoja upepo mzuri, na mara nyingi wakafuata pwani. Merikebu iliyonakiliwa kutoka Skuldelev 2 ilisafiri kutoka Roskilde hadi Dublin mwaka 2007 na kurudi mwaka uliofuata, kwa hiyo tunajua kwamba bahari ile inapitika kwa chombo cha namna hii, ila si kwa raha.

Kuna vitu viwili ambavyo vingeweza kuiharibu faida yote ya kina kidogo. Cha kwanza ni usukani, ambao lazima ushuke chini ya mkuku ndipo uyashike maji safi. Usukani wa Waviking ulikuwa kama kasia kubwa lililofungwa ubavuni, upande wa kulia wa tezi. Ulishikwa kwa kamba nene iliyopita kwenye kinundu cha mti nje ya chombo, na kwa mkanda mwingine juu, ukingoni. Wakikaribia ufukwe au fungu, mshika usukani aliulegeza mkanda wa juu, na usukani wote ukageuka na kuinuka mpaka ukawa sawa na mkuku au juu yake. Kama ungefungwa katikati ya tezi bila njia ya kuinuliwa, ungevunjika mara ya kwanza chombo kinapogusa mchanga. Cha pili ni mlingoti, ambao hauhusiani na kina cha maji lakini unahusiana na madaraja na matawi ya miti. Nao uliweza kulazwa chini, kwa kuwa ulikaa katika gogo lenye tundu juu ya mkuku na kushikiliwa na kipande kingine chenye nafasi upande wa nyuma. Baada ya hapo chombo kilikwenda kwa makasia peke yake.

Basi, pwani ilikuwaje? Anayehitaji bandari hulazimika kufika mahali panapojulikana, na mahali panapojulikana pana walinzi. Chombo cha kina cha sentimita 60 hupanda ufukwe wowote wenye mteremko mpole, na watu huruka kutoka omo wakiwa na maji magotini. Hivyo mwenye nchi alikuwa na pwani nzima ya kulinda, ilhali mshambuliaji alihitaji sehemu moja tu. Lakini kina kidogo hakimlindi mtu dhidi ya maji kupwa, na kisa cha mwaka 896 kule kusini mwa Uingereza kinalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo yoyote.

Mfalme Alfred wa Wessex alikuwa ameagiza zijengwe merikebu mpya za kuwakabili Wadenmaki, yaani Waviking waliotoka Denmark. Kumbukumbu za Waingereza wa zama hizo zinasema zilikuwa ndefu karibu mara mbili ya zile za maadui, nyingine zikiwa na makasia 60 na zaidi, na kwamba zilikuwa na kasi zaidi, zimetulia zaidi, na ndefu zaidi kwenda juu. Hazitaji kina chake cha kuzama, ila matukio yanakitaja. Merikebu sita za Wadenmaki zilikuwa zikipora pwani, tisa za Alfred zikazikuta katika mdomo wa mto na kuufunga mlango wa kutokea. Tatu za Wadenmaki zilikuwa zimepandishwa ufukweni ndani zaidi, na watu wake wamekwenda bara. Tatu nyingine zikajaribu kutoka. Mbili zilikamatwa, ya tatu ikaponyoka ikiwa na watu watano tu walio hai, kwa sababu merikebu za Waingereza zilikuwa zimepanda mchanga.

Kisha maji yakapwa. Merikebu tatu za Waingereza zikapwelewa upande ule ule walikokuwa Wadenmaki, na sita upande wa pili wa mkondo, zisiweze kusaidia wenzao. Wadenmaki wa zile tatu za ufukweni wakatembea kwa miguu juu ya tope hadi kwa Waingereza waliopwelewa, na vita ikapiganwa katikati ya mto usio na maji. Waingereza na Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi ya leo, waliowasaidia walikufa 62, Wadenmaki 120. Halafu maji yakaanza kujaa, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini: yaliziinua merikebu za Wadenmaki kwanza. Walioshindwa vitani wakapiga makasia na kutoka nje huku washindi wakikaa juu ya mchanga wakiwatazama. Yamkini zilikuwa zimekaa mahali tofauti, lakini nadhani tofauti ya kina nayo ilihusika, kwa kuwa chombo kikubwa na kizito zaidi huhitaji maji mengi zaidi ndipo kiinuke, na katika maji yanayojaa polepole hata nusu saa ni umbali mkubwa. Hata hivyo wengi wao hawakufika mbali. Walikuwa na majeraha mengi mno, na merikebu mbili zilitupwa na bahari kwenye pwani ya Sussex, wakapelekwa Winchester na Alfred akawanyonga.

Sasa tuingie mtoni. Mto Seine haukuwa na kizuizi cha asili. Unashuka polepole sana, na unazunguka kama nyoka, hata njia ya majini kutoka baharini hadi Paris ni zaidi ya kilomita 350, mara mbili ya masafa ya ndege. Sehemu ya chini inafikiwa na maji ya kujaa kutoka baharini, ambayo mdomoni hupanda mita saba na zaidi wakati wa bamvua, na msukumo wake ulifika hadi eneo la Rouen. Nahodha mwenye akili alipanda na maji ya kujaa, akatia nanga yakipwa, kisha akapanda tena.

Mwaka 841 tunaweza kuwafuata siku kwa siku, kwa kuwa watawa wa abasia za kando ya mto waliandika tarehe. Kundi la Waviking lililoongozwa na Asgeir liliingia mtoni tarehe 12 Mei. Tarehe 14 walikuwa Rouen, wakauchoma mji. Kuna kama kilomita 120 za mto kati ya hapo na bahari, yaani kilomita 60 kwa siku, wakipanda. Tarehe 16 waliondoka Rouen, tarehe 24 wakaichoma abasia ya Jumièges, siku iliyofuata abasia ya Fontenelle ikajikomboa kwa ratili 6 za fedha, na tarehe 28 watawa wa Saint-Denis wakaja kuwakomboa mateka 68 kwa ratili 26. Tarehe 31 Mei walikuwa wakielekea baharini. Angalia mwendo wake: wakati wa kupanda walikwenda mbio hadi ndani kabisa, kabla habari haijawatangulia, na biashara yote ya kuchoma na kutoza fidia ikafanywa taratibu wakati wa kushuka, mkondo ukiwasaidia. Jeshi la mfalme lililohitaji kuitwa kutoka mashambani, kukusanywa na kulishwa, halikuwa na njia ya kufika ndani ya siku mbili.

Mwaka 845 Karolo Kipara, mfalme wa Wafranki waliokuwa wenye nchi ile, alikuwa na muda wa kukusanya jeshi, na bado alishindwa kwa sababu ya mto wenyewe. Merikebu 120 chini ya kiongozi aliyeitwa Ragnar zilipanda Seine mwezi Machi. Karolo hakujua watashukia ukingo upi, kwa hiyo aligawa jeshi lake na kuliweka pande zote mbili. Kwa mtu wa nchi kavu uamuzi huo una mantiki. Kwa mtu mwenye chombo kinachoweza kupanda ukingo wowote mahali popote, ilikuwa zawadi: Waviking walishuka upande ulio dhaifu zaidi, wakaupiga, wakawanyonga mateka 111 mbele ya macho ya wenzao waliokuwa ng’ambo, ambao walikuwa na silaha zote mikononi lakini hawakuwa na njia ya kuvuka. Paris ikaporwa siku za Pasaka, na mfalme akalipa ratili 7,000 za fedha ili waondoke.

Hapa tunaona kwamba mto ulikuwa barabara kwa upande mmoja na ukuta kwa upande mwingine, na jibu la jambo hilo lilichukua miaka 17 kupatikana. Mwanzoni mwa mwaka 862 kundi moja la Waviking wa Seine liliingia katika tawi lake, mto Marne, wakiwa na merikebu chache, wakaenda kuuchoma mji wa Meaux. Karolo hakuwa na vyombo vya kuwafuata. Akafanya jambo ambalo halikuhitaji chombo. Chini ya Meaux, mahali paitwapo Trilbardou, palikuwa na daraja lililobomolewa. Akalijenga upya haraka, huku Waviking wakiwa bado upande wa juu wa mto, na safari hii askari wake wa kingo mbili hawakuwa majeshi mawili yaliyotengana, maana daraja liliwaunganisha.

Fikiria hali ya Waviking hao walionaswa upande wa juu. Mlingoti unalazwa, kwa hiyo kimo cha daraja si tatizo. Kina cha maji kinatosha. Tatizo ni kwamba nguzo za daraja zimeugawa mto katika milango myembamba, na chombo cha upana wa mita mbili na nusu hadi tano, chenye makasia yanayotokeza pande zote, kinalazimika kuyaingiza makasia ndani ndipo kipite. Wakati huo huo kinapoteza mwendo na mwelekeo, na juu yake wamesimama watu wenye mawe, mikuki, na mafuta yanayochemka. Ubao ule wa sentimita mbili na nusu, uliokuwa sababu ya wepesi wote, haustahimili jiwe kubwa linaloangushwa kutoka juu. Waviking hawakujaribu kupita. Walitoa mateka kumi wa dhamana, wakakubali kuwarudisha watu wote waliowakamata tangu waingie Marne, na wakaahidi kuondoka Seine pamoja na wenzao, au kuwapigania Wafranki dhidi ya wenzao hao ikiwa wangekataa.

Karolo alilielewa funzo hilo mara moja. Mwaka huo huo aliamuru ijengwe ngome ya daraja huko Pîtres, juu kidogo ya Rouen, karibu na mahali mto Andelle na mto Eure inapoingia Seine. Ukilifunga lango hilo, bonde lote la juu linakuwa nyuma ya kufuli. Lakini amri ilikuwa rahisi kuliko ujenzi. Daraja la mto mpana, lenye ngome kila upande, linahitaji magogo, mawe, mikokoteni, na watu wa kulilinda mwaka mzima, na kazi ilijikokota. Mwaka 866 merikebu za Waviking zilipanda hadi Melun, juu ya Paris, na mfalme akalipa tena, safari hii ratili 4,000. Ngome isiyo na askari ndani ni mapambo tu ya mtoni, na walipokuja tena mwaka 885 waliipita.

Kilichowasimamisha mwaka huo kilikuwa Paris yenyewe. Mji ulikuwa kwenye kisiwa, na madaraja mawili ya chini, moja la kaskazini na moja la kusini, yaliufunga mto wote. Mtawa Abbo, aliyekuwepo, anataja merikebu 700. Hesabu hiyo imetiwa chumvi, lakini kundi bila shaka lilikuwa kubwa. Kwanza Waviking waliomba kupita tu, kwa amani, waendelee na safari ya juu, na ombi hilo peke yake linakuambia yote: kwao daraja lilikuwa jambo zito kuliko kuta za mji. Askofu Gauzlin na Odo, mtawala wa eneo la Paris, walikataa, na mwezi Novemba mapigano yakaanza. Walijaribu kuyachoma madaraja kwa kuvuta merikebu tatu zilizowashwa moto, zikagonga mawe ya nguzo na kuzimwa. Mwezi Februari 886 mafuriko yaliibeba sehemu ya katikati ya daraja dogo la kusini, na watu kumi na wawili waliokuwa katika mnara wake wakatengwa na mji. Mnara ulichomwa, wakafa. Njia ya upande huo ikawa wazi kwa wanaotaka kwenda kupora nchi ya nyuma, na baadhi yao walikwenda, lakini mji haukuanguka.

Mwezi Oktoba alifika mfalme mwingine, Karolo Mnene, na jeshi, na badala ya kupigana aliwaahidi ratili 700 za fedha na ruhusa ya kwenda Burgundy. Watu wa Paris, waliovumilia karibu mwaka mzima, walikuwa na maoni yao juu ya ruhusa hiyo na hawakukubali merikebu zipite chini ya madaraja yao. Ndipo wepesi wa chombo ulipotumika kwa namna yake ya mwisho. Mwandishi Regino, mkuu wa abasia ya Prüm, anasimulia kwamba Waviking walizitoa merikebu zao majini, wakazikokota nchi kavu kwa zaidi ya maili mbili kuuzunguka mji, kisha wakazirudisha Seine upande wa juu.

Kwa chombo cha ukubwa wa Skuldelev 5 jambo hilo linawezekana bila miujiza. Ukitoa mawe ya farumi, mlingoti, tanga na makasia, tuseme zimebaki tani tano. Ukikipitisha juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, nguvu ya kukivuta ni kama moja ya tano ya uzito huo, yaani sawa na kuinua tani moja, na watu 60 wakigawana kila mmoja ana kilo 17. Hayo ni mabaharia wa vyombo viwili wakisaidiana, chombo kimoja kwanza na cha pili baadaye, wakihamishia mbele magogo yaliyoachwa nyuma. Kwa merikebu ya makasia 60 hesabu inakuwa ngumu zaidi, na mkuku mrefu unaweza kupinda au kuvunjika ukipita juu ya kilima kidogo huku omo na tezi zikining’inia, kwa hiyo naamini kubwa zaidi ziliachwa chini ya mji pamoja na walinzi. Zilizovuka zilipanda Seine hadi kwenye tawi la Yonne, na majira yale ya baridi zilikuwa mbele ya mji wa Sens.